Sukari ya asubuhi inapanda, niongeze insulini?

MtuWaMafinga: Wakuu, nina kisukari mwaka wa 6. Nalala na 8, naamka na 15, na usiku sili kitu. Dozi ya jioni naona haitoshi. Niongeze unit ngapi?

Kipepeo: Pole. Shemeji yangu Njombe alilalamika hivyo hivyo, kumbe anaamka saa saba kula maandazi ya biashara ya mkewe 😂

SistaZamu: Usiongeze kwanza. Unachoma ipi, saa ngapi, unit ngapi?

MtuWaMafinga: Ile nyeupe ya kuviringisha, saa 12 jioni.

SistaZamu: Unit ngapi?

MtuWaMafinga: Kliniki waliandika 16. Nachoma 24. Nilipandisha mwenyewe asubuhi ilipokuwa 11, nisingekaa naiangalia tu.

SistaZamu: Umeongeza 8, na asubuhi imetoka 11 hadi 15. Hiyo nyeupe ya saa 12 hufika kileleni kati ya saa 4 na saa 8 usiku, umelala. Sukari ikidondoka, mwili unashtuka na ini linamwaga sukari, unaweza kuamka iko juu. Lakini kuna wasioshuka kabisa: homoni za alfajiri zinapandisha zenyewe. Asubuhi namba zinafanana, dawa zinapingana. Pima unapolala, saa 9 usiku na ukiamka, siku tatu. Saa 9 ikiwa chini ya 4, ulidondoka. Ikiwa 7 au 8 halafu ipande, ni alfajiri.

Mzalendo_Tukuyu: Kupima kwa nini? Ukiamka umelowa jasho na baridi ya Mafinga hii, sukari imeshuka. Acha insulini kabisa.

SistaZamu: Jasho ni dalili kweli, ila wengine hushuka bila kuamka. Na kuacha insulini ni kumpeleka wodini. Arudi 16 leo, kliniki wapange upya.

MtuWaMafinga: Stripu zimebaki mbili tu, sista.

*(baada ya siku mbili)*

MtuWaMafinga: Nilirudi 16. Usiku wa kwanza: 8.1, saa 9 nikakuta 3.2, nikanywa maji yenye vijiko vinne vya sukari. Asubuhi 14.6. Wa pili: 7.9, 7.2, 11.

Gwakisa77: Chai hii, tena ina sukari. Stripu mbili, vipimo sita?

MtuWaMafinga: Za mama mkwe, mashine yetu moja. Nipige picha kopo?

Kipepeo: Mkwe anakuachia stripu? Sasa ndiyo siamini 😂

SistaZamu: Tumwache. Ile 14.6 siihesabu, vijiko vinne vimo ndani. Usiku wa pili unafanana na alfajiri. Wa kwanza kulikuwa na nini?

MtuWaMafinga: Ulanzi kidogo. Lita moja.

SistaZamu: Ungesema mapema! Pombe inalizuia ini kutoa sukari, unaweza kushuka hata kwa 16. Rudia usiku mbili bila ulanzi.

MtuWaMafinga: Alamu nimeweka. Ila kesho kuna msiba kwa jirani, na mianzi ndiyo inatoa sasa hivi.