Tupeane uzoefu: mnunuzi akisema "CIF maana yake mzigo ni wako mpaka ufike", unamjibuje?

Mpilipili
Wakuu, habari za kazi. Nauza pilipili manga kutoka Muheza. Nina mnunuzi Maskati, mzee wa asili ya huku, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Tulipokaribia kutia sahihi akaniandikia: "Kwa kuwa bei ni CIF, nauli na bima ziko kwako, basi mzigo ukilowa njiani hasara nayo ni yako." Wengi hapa hunyamaza ili biashara isiharibike, halafu kelele zinaanza kontena likishafika. Mimi nimemwandikia hivi. Leteni na zenu, za kuuza hata za kununua.

"Assalaam alaykum Ami,

Barua yako nimeipata. Naomba tuelewane mapema nani analipa nini, na mzigo unakuwa juu ya nani wakati gani.

Bei niliyokupa ni CIF Sohar, kwa kanuni za biashara za Incoterms 2020. Nimeandika Sohar na si Maskati kwa sababu meli za mizigo zilihamishiwa huko tangu 2014, na nisingependa tubishane baadaye juu ya lori la kutoka Sohar. Jumla ni dola 62,000: pilipili kilo 12,000 kwa dola 5, nauli ya meli dola 1,700, bima dola 300. Nauli nalipa mimi mpaka Sohar. Ushuru, gharama za bandarini kwenu na usafiri wa kwenda ghalani kwako ni zako. Gharama ya kushusha kontena nayo ni yako, isipokuwa kama kampuni ya meli imeshaiweka ndani ya nauli, hapo sitakudai.

Bima nakata mimi, ila fidia utadai wewe. Itakuwa ya dola 68,200, yaani bei yote na asilimia 10 juu yake. CIF inanitaka nikate angalau bima ya daraja la chini, Institute Cargo Clauses C. Hiyo inalipa meli ikizama, ikikwama, ikigongana au ikishika moto. Wizi haumo, na jasho la kontena, yaani maji yanayojikusanya ndani yake njiani, halimo. Ukitaka A, ambayo ni pana zaidi, niambie kabla hatujapakia nikuletee tofauti ya bei.

Mpaka kontena liwekwe ndani ya meli hapa Dar es Salaam, likipatwa na lolote ni hasara yangu. Likishakuwa melini ni lako, japo nauli nimelipa mimi. Lakini pilipili ikiota ukungu kwa sababu niliipakia haijakauka, hiyo si ajali ya safari. Hiyo nitaijibu mimi."

Kibopa wa Kariakoo
Mkuu unamwonea mzee wa watu. CIF muuzaji anafikisha mpaka bandari ya mnunuzi, ndiyo maana bima anakata yeye. Kama hatari si yake, bima anakata ya nini?

Wakala Kurasini
Kibopa, kwenye nauli uko sawa, inafika mpaka Sohar. Hatari haifiki. Kwenye CIF mambo hayo mawili yanaachana Dar: hatari ya muuzaji inaishia palepale bandarini mzigo ukishapanda meli, nauli inaendelea na safari. Bima anakata muuzaji kwa sababu ndivyo bei ilivyopangwa, ila anamkatia mwenzake. Hati ya bima inakwenda kwa mnunuzi pamoja na ankara na BL, ile hati ya mzigo ya kampuni ya meli, na kontena likizama ni yeye anayegonga mlango wa kampuni ya bima. Anayetaka muuzaji abebe hatari mpaka bandarini kwake aombe DAP, na bei itapanda.

Mpilipili, barua ni nzuri, ila kuna pengo upande wako. Umeandika kwamba kabla ya meli mzigo ni wako. Je, umejikatia bima ya kipindi hicho? Kontena lako litalala bandari kavu, pengine siku kadhaa likingoja meli, na huko foklifti hutoboa ukuta wa kontena bila mtu kusema. Mvua ikinyesha, tundu la ukubwa wa shilingi linatosha. Mlango ukifunguliwa Sohar kuna magunia kumi yamelowa upande mmoja: yalilowa Dar au baharini? Njia ya kujua ni picha za kontena pande zote linapoingia bandari kavu, na karatasi ya mapokezi yenye namba ya lakiri. Pia iambie kampuni ya bima ianzie ghalani kwako, isianzie bandarini.

Mama Vitz
Naomba kuuliza hapohapo. Niliagiza gari Japani, CIF Dar. Limefika redio hakuna, taa ya nyuma imepasuka. Muuzaji anasema si lake. Si aliweka bima jamani?

Wakala Kurasini
Dada, wewe uko kwenye kiti cha yule mzee wa Maskati. Gari lilikuwa juu yako tangu lilipopanda meli kule. Angalia hati ya bima: ikiwa ni C, redio iliyoibwa hailipwi. Ila kama una picha za kupakia zinazoonyesha taa ilikuwa tayari imepasuka, muuzaji hana pa kukimbilia. Kwa kampuni ya meli uliandika malalamiko siku unalichukua? Ubovu usioonekana kwa macho kwa kawaida hupewa siku tatu tu.

Mama Vitz
Limekaa gereji wiki ya pili sasa 😭

Mswahili wa Mombasa
Mimi naagiza mchele Karachi, kwa hiyo natoka upande wa mnunuzi. Kenya tangu Januari 2017 mwagizaji anatakiwa akate bima ya baharini kwa kampuni ya hapa, kwa hivyo CIF kwangu ni kulipia bima mara mbili. Barua yangu haina maneno mengi: "Naomba bei ya CFR Mombasa. Nauli kwako, bima kwangu, na mzigo ni wangu tangu unapowekwa melini. Nitumie jina la meli na namba ya kontena kabla ya kupakia." Hilo la mwisho ndilo nalipigania. Kuna muuzaji alinipa taarifa meli ikiwa ishatoka, na siku zile zote mchele ulikuwa wangu na bima haipo.

Kibopa wa Kariakoo
Sawa kwenye hatari nimekubali. Lakini kwa kontena wataalamu si wanasema CIF isitumike, iwe CIP?

Wakala Kurasini
Wanasema, na wana sababu. Kwenye CIP hatari ingehama Mpilipili anapokabidhi kontena kwa msafirishaji, asibaki na zile siku za bandari kavu. Ila CIP ya 2020 inadai bima ya A, kwa hiyo hesabu ya dola 300 inabadilika. Na kama malipo ni kwa LC, yaani benki ya mnunuzi inalipa ikiletewa hati zilizokubaliwa, soma benki inataka BL gani. Nyingi zinataka iliyoandikwa kwamba mzigo umeshapanda meli.

Mpilipili
LC ya mzee inataka hiyohiyo, kwa hiyo nabaki na CIF. Kajibu jana: Sohar amekubali, bima anataka A, tofauti tugawane nusu kwa nusu. La jasho la kontena bado anasema ni langu hata pilipili ikiwa kavu kabisa, hapo hatujaelewana. Nimempa achague mkaguzi wa kupima unyevu siku ya kupakia. Kampuni ya bima nayo imekubali kuanzia ghalani Muheza, ila inataka kwanza kujua lori litalala wapi usiku.