Wiki ya tatu naambiwa "zima, subiri, washa", kumbe modemu yao ndiyo inanizibia njia

KibaoKata:
Wakuu, nimechoka na leo naongea kwa hasira, mnivumilie.

Modemu ya mtoa huduma waifai yake haivuki kuta mbili, kwa hiyo nikanunua ruta yangu. Nikachomeka waya kutoka modemu hadi tundu la WAN la ruta, intaneti ikaja na nyumba nzima ikafurahi. Tabu ilianza nilipotaka kuingia kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nikiwa safarini. Nimeweka WireGuard kwenye kamashine kadogo chenye anwani 192.168.0.20, nikaenda kwenye ruta na kuelekeza poti 51820 ya UDP hadi hapo. Nikiwa ndani ya nyumba inaunganisha vizuri. Nikitoka nje, kimya. Simu inatuma salamu na hakuna anayeitikia.

Nimepiga simu huduma kwa wateja mara sita. Mara nne nimeambiwa nizime modemu niwashe. Mara moja nimeambiwa ruta yangu ni mbovu. Mara ya mwisho kijana akaniuliza kama YouTube inafunguka, nikasema ndiyo, akasema basi hakuna tatizo, akafunga tiketi. Tiketi imefungwa na mimi bado niko nje ya nyumba yangu mwenyewe! Nalipia huduma kamili, sikulipia YouTube.

Jembe la Usiku:
Pole mkuu. Hapo washa UPnP kwenye ruta, poti zitajifungua zenyewe. Mimi nilifanya hivyo kwa gemu ikakubali.

KibaoKata:
UPnP imewaka tangu siku ya kwanza.

MamaWaya:
KibaoKata, kabla hujaendelea kuwatukana (wanastahili, lakini subiri), fungua ukurasa wa hali ya ruta yako uangalie anwani iliyoandikwa kwenye WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Tuletee zote mbili.

KibaoKata:
WAN ya ruta inasema 192.168.1.2. Tovuti inasema anwani nyingine kabisa, inaanza na 203. Sitaiweka yote hapa.

MamaWaya:
Basi jibu umelipata. Anwani hizo mbili zingekuwa moja, ruta yako ingekuwa ndiyo inayotazamana na intaneti. Hazifanani, na ile ya WAN ni 192.168, anwani ya ndani ya nyumba. Yaani ruta yako nayo ni mgeni tu ndani ya mtandao wa modemu. Kile kifaa mnachokiita modemu ni ruta kamili: kinagawa anwani na kinafanya NAT. Ruta yako nayo inafanya NAT yake. Una mbili zilizopangana.

Fuata safari ya pakiti moja kutoka simu yako ukiwa nje. Inafika kwenye anwani ile ya 203, poti 51820. Anayeipokea ni modemu. Modemu inatazama jedwali lake: je, kuna mtu wa ndani aliyeanzisha mazungumzo na simu hii? Hakuna. Je, kuna agizo la kuipeleka poti 51820 kwa mtu fulani? Hakuna, kwa sababu agizo uliliandika kwenye ruta, si kwenye modemu. Inaitupa hapohapo. Ruta yako haijaikataa pakiti, haijawahi hata kuiona. Ukitaka kuhakikisha, weka hii kwenye kamashine kako kisha ujaribu kuunganisha ukiwa nje:

```
sudo tcpdump -ni any udp port 51820
```

Skrini ikibaki tupu, pakiti zinafia njiani kabla hazijakufikia.

Na ndiyo maana YouTube inafunguka. Ukianza wewe kutoka ndani, ruta inaandika kwenye jedwali lake, modemu inaandika kwenye lake, na jibu likirudi linafuata maandishi hayo hatua kwa hatua. NAT mbili haziwasumbui watu wanaotoka. Zinamsumbua anayebisha hodi.

Jembe la Usiku, UPnP ya ruta inafungua poti kwenye ruta tu. Haina habari kuwa mbele yake kuna mlango wa pili. Inaweza hata kukiambia kifaa chako kwamba anwani yako ya nje ni 192.168.1.2, na hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kuifikia.

Jembe la Usiku:
Sasa mbona kwangu ilikubali?

MamaWaya:
Pengine wewe una NAT moja tu. Angalia WAN yako.

Kipepeo77:
Mimi pia nina shida na ruta, chumba cha nyuma waifai inashika kijiti kimoja. Je, hii daraja mnayoizungumzia itaongeza nguvu ya mawimbi?

KibaoKata:
Dada, hakuna aliyetaja daraja bado! Na hapana, nadhani.

MamaWaya:
Hapana kweli. Hiyo ni habari nyingine, fungua uzi wako tukusaidie.

Fundi Dawa:
Mnazunguka bure. Zima DHCP kwenye ruta, toa waya kwenye tundu la WAN uchomeke tundu la LAN, kazi imekwisha. NAT inabaki moja. Halafu hizi NAT mbili ndizo zinazofanya intaneti kuwa ya kobe, ukiondoa moja kasi inapanda.

MamaWaya:
Nusu ya kwanza ni kweli. Ukifanya hivyo ruta inageuka kituo cha waifai tu na modemu inabaki bosi. Kwa mtu anayetaka mawimbi peke yake ni dawa nzuri. Ila sheria zote zitaandikwa kwenye modemu ya mtoa huduma, na KibaoKata sidhani kama alinunua ruta ili aipe kazi ya kushika taa. Na ubadilishe kwanza anwani ya ruta isigongane na ya modemu, la sivyo hutaweza kuifungua tena.

Habari ya kasi siyo. Kutafsiri anwani mara ya pili ni kazi ndogo sana kwa ruta nzima.

KibaoKata:
Nimerudi. Nimejaribu kuelekeza poti mara mbili: kwenye modemu 51820 iende 192.168.1.2, kwenye ruta iende 192.168.0.20. IMEKUBALI. Nilikaa nje kwenye gari nikicheka peke yangu.

Siku tatu. Umeme ukakatika, ukarudi, ikafa tena. Sasa WAN ya ruta inasema 192.168.1.5. Modemu imeipa ruta anwani mpya na sheria yangu bado inapeleka pakiti kwa 192.168.1.2, ambako siku hizi hakuna mtu. Nikaifunga anwani isibadilike. Asubuhi ya pili sheria yenyewe haipo kwenye modemu! Wameingia kwa mbali wakaandika mipangilio yao upya. Bila hodi!

MamaWaya:
Ndiyo hasara ya kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Waambie waweke modemu kwenye hali ya daraja. Hapo modemu inaacha kugawa anwani na inaacha NAT. Inabaki kubadilisha tu mawimbi ya laini kuwa ya waya na kupitisha kila kitu kama kilivyo. Anwani ya 203 itatua moja kwa moja kwenye WAN ya ruta yako, na sheria utaandika mahali pamoja.

Kabla hawajabonyeza, waulize mambo mawili: laini yako inaingia kwa PPPoE au kwa DHCP, na kama kuna namba ya VLAN. Usikate simu bila majibu hayo.

KibaoKata:
Nilikata simu bila majibu hayo.

Wameweka daraja. Sasa nyumba nzima haina intaneti. WAN inasema 0.0.0.0, waifai ya modemu imezimika, na mke wangu ananiangalia kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Wanasema upande wao laini iko sawa!

MamaWaya:
Na wako sawa, kwa mara ya kwanza. Zamani modemu ndiyo iliyokuwa ikiingia kwa jina na nywila. Sasa imeacha, na ruta yako haijui jina hilo, inasubiri tu kupewa anwani na DHCP. Waombe jina la PPPoE, nywila na VLAN, uviandike kwenye ukurasa wa WAN wa ruta. Usipoweka VLAN inayotakiwa, jina na nywila sahihi havitakusaidia kitu, maana ombi lako halifiki kwa anayejibu. Waifai ya modemu kuzimika ni kawaida kwa vifaa vingi vikiwekwa daraja.

Mwanagofu:
Kwangu ilikuwa DHCP bila jina wala nywila, lakini bado WAN ilibaki tupu. Nikaja kugundua niliwahi kuchomeka laptopu kwenye modemu kwanza, na upande wa pili ukawa umeshika namba ya kadi ya laptopu. Nilichomoa modemu umeme, nikaacha ruta peke yake kwenye waya, nikawasha. Ikaja.

KibaoKata:
Simu ya tisa. Nimepata jina, nywila na VLAN. Nywila walinisomea wakakosea herufi moja kubwa, kwa hiyo ikawa simu ya kumi.

IMEINGIA. WAN ya ruta na tovuti zinaonyesha anwani ileile. Nimeangalia na njia pia, zamani hatua mbili za kwanza zilikuwa hivi:

```
tracert -d 8.8.8.8
  1   192.168.0.1
  2   192.168.1.1
```

Sasa 192.168.1.1 haipo kabisa. WireGuard inaitika hata nikiwa nje.

Fundi Dawa:
Hongera. Kwa hiyo ukiona anwani mbili za ndani kwenye tracert, hiyo ni NAT mbili, basi.

MamaWaya:
Si lazima. Watoa huduma wengi hutumia anwani za ndani kwenye ruta zao za njiani bila kutafsiri chochote. Tracert inakupa shaka tu, ushahidi ni kulinganisha WAN na anwani ya nje. Na KibaoKata, sasa ruta yako iko uso kwa uso na intaneti. Badilisha nywila ya msimamizi na uzime usimamizi wa kutoka nje, leo.

Tochi Ndogo:
Samahani kuingilia. Mimi nimewekewa daraja tangu mwezi uliopita na bado poti hazifunguki. WAN inasema 100.72 na kuendelea, tovuti inasema nyingine.

MamaWaya:
Ndugu yangu, anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa NAT ya mtoa huduma mwenyewe. Wewe una NAT mbili bado, ila ya pili iko kwao, na daraja la nyumbani haliigusi. Omba anwani ya umma. Wengine hutoa, wengine hukataa.

Tochi Ndogo:
Wamekataa. Kuna njia nyingine?

KibaoKata:
Ngojeni kwanza, hasira zimerudi. Simu ya mezani iliyochomekwa nyuma ya modemu imekufa tangu waweke daraja. Nimepiga, na mmeshajua nilichoambiwa. Kuna aliyewahi kubaki na simu ikifanya kazi chini ya daraja, au ndiyo imekwenda?

Mwanagofu:
Yangu iliendelea kulia. Ya jirani ilikufa, na modemu zetu ni aina moja.