Tupeane uzoefu: tangazo la zawadi lililokuponza, ukalirekebishaje?

Mchonga Vibao: Naanza mimi. Nauza vibao vya mbao vya kuchonga majina. Kwenye tangazo niliweka kisanduku kimoja tu: "Andika ujumbe wako hapa." Mteja akaandika, "Hongera kwa ndoa mdogo wangu, samahani sitaweza kufika." Nikachonga yote, herufi ndogo kama sisimizi. Kumbe alidhani hayo ni ya kadi, na majina ya maharusi angeulizwa baadaye! Nikachonga kingine kwa gharama yangu. Sasa visanduku ni viwili: "Maneno ya KUCHONGWA, yasizidi herufi 25 pamoja na nafasi" na "Maneno ya KADI, hayachongwi." Hiyo 25 niliipata kwa rula: sehemu ya kuchonga ina sentimita 15, na kila herufi inakula milimita 6.

Bi Sabuni: Mimi kadi hainisumbui. Siri iko kwenye kichwa cha tangazo. Jaza sherehe zote: harusi, kuzaliwa, mahafali, kuaga. Usipozitaja hupatikani.

Karani: Nusu nakubali. Usipozitaja hupatikani kweli, ila mtu wa simu anaona "Zawadi ya harusi, kuzaliwa, mahafali…" kichwa kinakatika, hajajua unauza nini. Daftari langu la ngozi lilikuwa hivyo. Nikaligeuza: "Daftari la ngozi lenye jina, zawadi ya kumuaga mwalimu." Sherehe nyingine nikazipeleka kwenye lebo za utafutaji. Hapo nako pima: Etsy wanakupa lebo 13, kila moja isizidi herufi 20. "Zawadi kumuaga mwalimu" haiingii, "zawadi ya mwalimu" inaingia.

Mgeni Jukwaani: Samahani, karatasi gani ya kufungia haichaniki kwenye kona?

Mama Riboni: Ya kaki. Nami kuna mteja aliyenilaumu kwa hiyo hiyo kaki. Niliandika tu "tunafunga kizawadi", yeye akategemea boksi na riboni (jina langu nalo linaponza). Siku hizi chaguo linasomeka "Bila kufunga" au "Karatasi ya kaki, uzi mwekundu na kadi", na picha ya mwisho ya tangazo ni kifurushi chenyewe kikiwa tayari. Nimeongeza pia swali: "Mzigo unakwenda moja kwa moja kwa mpokeaji?" Akijibu ndiyo, risiti yenye bei haiingii ndani. Iliwahi kuingia, nikaaibika.

Mchonga Vibao: Hapo umenigusa. Mteja akifungiwa lakini kisanduku cha kadi akakiacha wazi, mnafanyaje?

Mama Riboni: Naweka kadi tupu, ataandika mwenyewe.

Karani: Ataandikia wapi, na mzigo umeshaenda kwa mpokeaji? Mimi humuuliza kwanza, oda inasubiri hata siku nzima.

Mama Riboni: Na siku hiyo ikiwa ndiyo ya sherehe?