Navunja mkataba wa intaneti ya ofisi kwa imeili, niandikeje wasije wakanigeuka kwenye tarehe?

Mhasibu_Sinza (Alhamisi, Julai 9)

Wakuu, habari za asubuhi. Nina kaofisi ka uhasibu Sinza, na mwisho wa mwezi huu nahamia Mwenge kwenye jengo ambalo intaneti imo ndani ya kodi. Kampuni inayonipa intaneti sasa (jina naliacha) nailipa 180,000 kwa mwezi, na mkataba unasema hivi:

Kifungu 12.1: upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya maandishi isiyopungua siku 30.
Kifungu 17.2: notisi itumwe kwa imeili iliyoandikwa ukurasa wa kwanza. Ikifika baada ya saa 11 jioni, au siku isiyo ya kazi, itahesabika imepokelewa siku ya kazi inayofuata.

Jumatatu tarehe 6, saa 11:42 jioni, nilimwandikia yule kijana wa mauzo: "Habari, naomba kusitisha huduma kuanzia mwezi ujao, tunahama." Akanijibu WhatsApp: "Sawa bosi, nimeipata, nitafikisha." Jana nikapiga makao makuu, dada wa mapokezi anasema kwenye mfumo hakuna kitu na ankara ya Agosti itatoka kama kawaida. Hivi siku zangu 30 zimeanza lini? Na niandike nini ili kusiwe na ubishi?

Mzee_wa_Kigogo

Mdogo wangu, imeili si maandishi. Andika barua, piga muhuri wa ofisi, peleka kwa mkono na nakala yako igongwe "IMEPOKELEWA" na tarehe. Hapo hata waruke vipi hawakupati. Mambo ya imeili mtu anasema iliingia kwenye takataka, mnaanza kulumbana.

Kijana_Temeke

Pole mkuu. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na wakikuzungusha nenda CMA. Mwajiri hawezi kukuachisha kiholela.

Mhasibu_Sinza

@Kijana_Temeke hapana mkuu, hapa hakuna ajira. Mimi ndiye mteja, naacha huduma ya intaneti.

Kijana_Temeke

Aah, nimesoma kichwa cha uzi haraka. Basi naweka kambi hapa, na mimi nina king'amuzi nataka kukirudisha.

MamaDuka_Mbezi

Mimi yalinikuta na kampuni ya ulinzi. Nilimpigia meneja wao wa kanda, tukaongea vizuri kabisa, akasema "mama usijali, mwisho wa mwezi tunamtoa mlinzi". Mlinzi kweli akatoka. Baada ya muda naletewa ankara ya miezi mitatu, meneja mwenyewe kashaacha kazi, na aliyekuja anasema kwenye faili hakuna barua yoyote. Tulivutana mpaka nikalipa nusu. Kwa hiyo "nitafikisha" ya huyo kijana usiilalie.

Karani_wa_Posta

Niko idara ya ununuzi kwenye kampuni moja Posta, mikataba ya hivi naifungua na kuifunga kila mara. Nianze na mzee wetu wa Kigogo. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ni silaha nzuri sana, na mkataba ukisema notisi ni kwa barua tu, fuata hivyo hivyo. Ila hapa kifungu 17.2 chenyewe kimechagua imeili, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, maandishi hayakataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ukitaka peleka na barua, lakini siku zako zihesabu kutoka kwenye imeili.

Sasa ile ya Jumatatu, mkuu, usiijengee nyumba. Kwanza ilienda kwa mtu wa mauzo, haikwenda kwenye anuani ya ukurasa wa kwanza. Pili, umeandika "naomba". Sisi Waswahili tuna adabu kwenye barua, na ofisini ni vizuri, lakini ombi hujibiwa ndiyo au hapana. Wewe mkataba umeshakupa haki, unachotoa ni taarifa. Tatu, "mwezi ujao" haina tarehe. Mwingine atasema Agosti 1, mwingine mwisho wa Agosti.

Hata tungejifanya imeili ile ilikwenda panapotakiwa, angalia inavyocheza: imetoka Jumatatu saa 11:42, saa za kazi zimepita, kwa hiyo inasogea siku ya kazi inayofuata. Jumanne ilikuwa Saba Saba, sikukuu. Inasogea tena, Jumatano tarehe 8. Yaani dakika 42 zimekula siku mbili.

Tuma upya leo, kabla ya saa 11 jioni. Ikipokelewa leo tarehe 9, siku ya kwanza ni kesho tarehe 10. Julai inakupa siku 22, unadai 8 za Agosti. Siku ya 30 ni Agosti 8. Hiyo ni Jumamosi na ni Nane Nane, na hakuna fundi atakayekuja kuchukua ruta siku hiyo. Mimi ningetaja Jumatatu Agosti 10. Kifungu kinasema "isiyopungua", kuzidisha hakuna kosa, na zile siku mbili zinaua ubishi wa kama siku ya kupokea inahesabiwa au haihesabiwi.

Mhasibu_Sinza

Ubarikiwe sana. Nimekuelewa kwenye hesabu. Maneno yenyewe sasa yakaeje? Naogopa kuandika ukali, mtandao bado nautumia mpaka nihame.

Karani_wa_Posta

Hakuna ukali unaohitajika. Tuma kwenye anuani ya ukurasa wa kwanza, nakala kwa wahasibu wao na kwa huyo kijana. Itoke kwenye imeili ya ofisi iliyomo kwenye mkataba, na jina la chini liwe la aliyesaini. Ikitoka Gmail ya binafsi watakuuliza wewe nani. Kitu kama hiki:

> Yah: TAARIFA YA KUSITISHA MKATABA Na. [namba], siku ya mwisho Agosti 10, 2026
>
> Kwa barua pepe hii tunatoa notisi ya kusitisha mkataba tajwa kwa mujibu wa kifungu 12.1. Notisi imetumwa Alhamisi Julai 9, 2026, kabla ya saa 11 jioni, kwa anuani iliyowekwa na kifungu 17.2.
>
> Siku ya mwisho ya huduma na ya mkataba ni Jumatatu Agosti 10, 2026, saa 5:59 usiku. Endapo kwa hesabu yenu mkataba hauwezi kuisha siku hiyo, notisi hii ibaki halali na mkataba uishe siku ya karibu zaidi inayoruhusiwa. Katika hali hiyo tutajieni tarehe hiyo na kifungu mnachokitegemea.
>
> Tafadhali tujibuni kwa maandishi kufikia Jumatano Julai 15: (1) tarehe mliyopokea notisi hii, (2) siku ya mwisho ya mkataba, (3) kiasi cha ankara ya mwisho na utaratibu wa kurudisha ruta.
>
> Ujumbe wetu wa Julai 6 kwa idara ya mauzo usihesabiwe kuwa ombi linalosubiri majibu. Notisi ni hii.

Kuna sehemu mbili hapo usiziguse. Ya kwanza ni ile ya "siku ya karibu zaidi". Bila hiyo, mtu akikuta umekosea siku moja anaweza kusema notisi nzima haifai, anza upya, na umeshapoteza mwezi. Ya pili, mkataba unaisha Agosti 10, halafu unaomba uthibitisho. Usiviunganishe ukaandika "tutasitisha mtakapothibitisha", maana hapo umewapa funguo: wakikaa kimya, mkataba unaendelea.

Mzee_wa_Kigogo

Hapo nimekubali. Lakini wakikaa kimya kweli? Karatasi iliyogongwa muhuri haina kimya.

Karani_wa_Posta

Ndiyo maana nimesema barua ipelekwe pia ukiweza, mzee. Kimya chao hakizuii notisi, ila kinakupa kazi ya kuonyesha kwamba ilifika. Tarehe 15 ikipita, jibu juu ya imeili ile ile, usianze mpya, ili tarehe ya kwanza ionekane chini. Na yale majibu ya mashine ya "Tumepokea, tiketi namba fulani" yahifadhi, yanaonyesha imeili imeingia kwao. Hayasemi kama wamekubali Agosti 10, kwa hiyo endelea kudai jibu la binadamu. Imeili yenyewe ipakue kama faili, ile ya `.eml`. Skrinishoti mtu anaweza kuikataa kirahisi.

Fundi_Mitandao_Ubungo

Mimi nimefanya kazi kampuni za hivi. Ankara hutolewa tarehe 1 na mfumo, haujui kama kuna notisi mpaka mtu wa akaunti aingize tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ankara ya Agosti nzima ikija usipaniki. Ila usiache kulipa kimya kimya, watakufungia Agosti 2 na deni litabaki kwenye jina la ofisi.

Mhasibu_Sinza (Jumatatu, Julai 13)

Mrejesho wakuu. Nilituma Alhamisi saa 8 mchana. Leo wamejibu: "Tumepokea notisi yenu Julai 9. Huduma itasitishwa Agosti 10, 2026. Ada ya mwezi Agosti italipwa kamili." Tarehe wamekubali. Hiyo ya ada kamili imenichoma, kwa siku 10 mimi nahesabu 180,000 gawa kwa 31 mara 10, kama 58,000 hivi.

MamaDuka_Mbezi

Usilipe kamili! Umetumia siku kumi, lipa siku kumi.

Fundi_Mitandao_Ubungo

Mama, inategemea. Mikataba mingi ina mstari kwamba ada ya mwezi haigawanywi. Angalia sehemu ya malipo kwanza.

Mhasibu_Sinza

Nimeangalia. Kifungu cha malipo kinasema "ada hulipwa kila mwezi, mwanzoni mwa mwezi". Cha kugawanya hakuna, cha kutogawanya pia hakuna.

Karani_wa_Posta

Basi hapo kila upande una la kusema. Mimi ningejibu hivi: tunashukuru kwa kuthibitisha Agosti 10, tarehe hiyo imefungwa. Kuhusu ada, tuonyesheni kifungu kinachotaka mwezi mzima, vinginevyo tutumieni ankara ya siku 10. Hakikisha suala la ada halirudi kugusa tarehe. Wakishikilia msimamo, utapima mwenyewe kama 122,000 zinastahili kuvutana. Wengine hulipa na kuomba huduma iendelee mpaka Agosti 31, lakini wewe unahama, haitakusaidia.

Na ruta je, wamesema inarudi wapi?

Mhasibu_Sinza

Hawajagusa kabisa. Naandika sasa hivi, na hiyo ya ada humo humo.

Karani_wa_Posta

Omba hati ya makabidhiano yenye namba ya kifaa, ile iliyobandikwa chini ya ruta. Ipige picha kabla fundi hajaichukua.

Kijana_Temeke

Na king'amuzi nacho kina namba chini?

Fundi_Mitandao_Ubungo

Kinayo. Fungua uzi wako kijana.