Hisa zinakomaa katikati ya notisi: naomba ushauri

Wakuu, mfanyakazi wa kampuni hapa Mombasa ana haki ya kununua hisa 12,000, zinazokomaa, yaani kuruhusiwa kununuliwa, 3,000 kila Machi 31. Tayari 6,000 zimekomaa. Hizo hazina utata, mradi anunue ndani ya siku 90 za kuondoka. Amejiuzulu Machi 10 kwa notisi ya mwezi, kwa hiyo awamu ya tatu inaangukia ndani ya notisi. Kanuni za mpango huo wa hisa zinafuta zisizokomaa “ajira inapokoma”, si barua inapopokelewa, basi akibaki kazini anazipata. Mwajiri sasa anataka aondoke leo, amlipe mshahara wa notisi kwa kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira, 2007. Ujanja huo! Je, anaweza kudai fidia ya zile 3,000?