Naomba ushauri: kugeuza taarifa ya habari ya redio kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili bila msomaji kukosa pumzi

Mtafsiri wa Tanga

Ndugu zangu wanahabari, salamu kwenu. Ninafanya kazi katika redio ya jamii, na kila alasiri ninapokea habari za kimataifa kwa Kiingereza kutoka mashirika ya habari, nikazitafsiri ili zisomwe katika taarifa ya jioni. Maana huwa nimeipata, lakini msomaji wetu hukatika katikati ya sentensi, na yakija majina ya kigeni kila msomaji huyatamka kwa namna yake. Mkuu wa kituo amenitaka nifanyie mazoezi habari za zamani, kwa hiyo nimechukua ile ya meli iliyoziba Mfereji wa Suez mwaka 2021. Katika Kiingereza habari yote ilikuwa sentensi moja, nami nimeitafsiri hivi:

"Meli ya mizigo ya Ever Given yenye urefu wa mita 400, ambayo inamilikiwa na kampuni ya Kijapani ya Shoei Kisen Kaisha na ambayo inaendeshwa na kampuni ya Evergreen ya Taiwan, ambayo ilikwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi ikiwa njiani kutoka Malaysia kuelekea Rotterdam, imenasuliwa, amesema Osama Rabie, mwenyekiti wa Mamlaka ya Mfereji wa Suez, siku ya Jumatatu, na kuongeza kuwa imeanza kuruhusu meli nyingine kupita."

Nifupishe vipi bila kupoteza habari, na majina niyaandikeje ili yeyote atakayeshika karatasi ayatamke sawa?

Kalamu Fupi

Kaka, jibu ni jepesi. Sentensi ya redio isizidi maneno kumi. Ukikuta "ambayo", weka nukta, kisha anza upya. Habari yako ingekuwa: "Meli imenasuliwa. Meli inaitwa Ever Given. Meli ina urefu wa mita 400. Meli ni ya kampuni ya Japani. Kampuni nyingine ni ya Taiwan. Meli ilikwama tarehe 23 Machi." Majina nayo yakate yote silabi kwa silabi ndani ya habari yenyewe, mpaka Malaysia na Japani, na msomaji hatakwama tena.

Mhariri Mstaafu

Mdogo wangu wa Tanga, Kalamu Fupi amekuelekeza vizuri kuhusu "ambayo", lakini ukiifuata kanuni yake ya maneno kumi mpaka mwisho, msikilizaji atahisi anasomewa orodha. Kiswahili kina viungo vyake vya kufupisha bila kukatakata. "Ambayo ilikwama" inakuwa "iliyokwama", na "ikiwa njiani kutoka" inakuwa "ikitoka". Hiyo -ki- inabeba tukio la pili ndani ya sentensi ileile bila kumchosha msomaji, na matukio yakifuatana, -ka- inayaunganisha kwa silabi moja: meli ilipigwa na upepo mkali, ikaenda upande, ikaziba mfereji. Sentensi hiyo ina vitendo vitatu lakini inasomeka kwa pumzi moja, kwa sababu kila kitendo kinakamilika kabla ya kingine kuanza.

Lakini ugonjwa mkubwa wa tafsiri yako uko mwishoni. Umeandika "na kuongeza kuwa imeanza kuruhusu meli nyingine kupita". Nani ameanza? Katika sentensi hiyo kuna meli, kampuni mbili na mamlaka, na zote zinachukua i-. Serikali, wizara, benki, nchi na timu nazo ni hivyohivyo. Mtu anayesoma gazeti hurudi nyuma akatafuta mwenye kitendo, lakini anayesikiliza redio huku anapika hana pa kurudi. Kwa hiyo kila unapohama kutoka taasisi moja kwenda nyingine, litaje jina lake upya, hata kama umelitaja muda mfupi uliopita. Sentensi zitaongezeka neno moja au mawili, na hilo halina ubaya. Hata wenye kutafsiri kwa uangalifu huteleza hapa, kwa kuwa wanapima ufupi kwa kuhesabu maneno tu.

Jambo la pili ni mpangilio. Waandishi wa Kiingereza hupenda kuweka habari kwanza, kisha "amesema fulani" mwishoni. Sikioni mwa Mswahili hilo linakuja kinyume, kwa sababu mtu ameshaisikia habari kama ukweli uliothibitishwa ndipo anaambiwa kuwa ni kauli ya mtu. Mtangulize msemaji, na cheo kitangulie jina. Cheo kinamwandaa msikilizaji, na hata jina likimpita, atabaki anajua ni nani amesema.

Mimi ningeiandika hivi, tukichukulia kuwa inasomwa siku ileile, yaani Jumatatu ya tarehe 29 Machi:

"Meli kubwa ya mizigo iliyokuwa imeziba Mfereji wa Suez nchini Misri imenasuliwa. Mwenyekiti wa Mamlaka ya Mfereji huo, Osama Rabie, amesema leo kuwa meli nyingine zimeanza kupita. Meli iliyokwama, Ever Given, ina urefu wa mita mia nne na inamilikiwa na kampuni ya Japani. Ilikwama Jumanne ya wiki iliyopita, ikitoka Malaysia kwenda bandari ya Rotterdam nchini Uholanzi."

Tazama nilichokiacha. Jina la kampuni ya Japani nimelitoa, na Evergreen nimeitoa kabisa. Ubavuni mwa meli ile paliandikwa EVERGREEN kwa herufi kubwa, na watu wengi wakadhani hilo ndilo jina la meli. Ukiyataja Ever Given na Evergreen katika nusu dakika moja, msikilizaji atayachanganya. Kampuni hizo utazihitaji siku ya habari ya fidia, na siku hiyo utazitaja moja moja kwa nafasi yake.

Sauti ya Bukavu

Mimi ninatafsiri kutoka Kifaransa, si Kiingereza, lakini shida ya majina naijua. Jina la rais wetu huandikwa Tshisekedi, kwa kuwa tahajia hiyo ilitokana na Kifaransa. Sisi wa huku tunasema Chisekedi bila kufikiri. Nimesikia watangazaji wa nchi jirani wakisoma "Tishisekedi", na wengine "Shisekedi". Hapa kwetu nimeanza kuandika Chisekedi ndani ya habari yenyewe, na wasomaji wangu hawakosei. Ndugu wa Tanga afanye hivyohivyo kwa majina yote.

Mhariri Mstaafu

Ndugu wa Bukavu, mfano wako ni mzuri sana, ila dawa yake ina madhara siku hizi. Karatasi ya habari haiishii studio. Jioni ileile kuna mtu anainakili kwenda tovuti na kurasa za kituo, na ukiandika Chisekedi ndani ya habari, tahajia hiyo itatoka hadharani kama jina rasmi. Acha jina kama linavyoandikwa, kisha weka matamshi katika mabano mara baada yake, au juu ya mstari kwa kalamu nyekundu kama karatasi inachapishwa. Anayenakili ataelewa kuwa mabano yale yanaondolewa.

Na si kila jina linahitaji mabano. Ukiyajaza kwa Malaysia na Japani, kama alivyopendekeza Kalamu Fupi, macho ya msomaji yatazoea kuyaruka, na siku ya jina gumu ataliruka pia. Andika matamshi kwa jina linalomdanganya msomaji wa Kiswahili tu. Ramaphosa ni mfano wa jina la namna hiyo. Msomaji wetu akiona "ph" anasema f, kwa kufuata Kiingereza, ilhali katika lugha za kule "ph" ni p yenye pumzi. Andika (ra-ma-po-sa). Kadhalika Thabo Mbeki: "th" ile si ya "thamani", andika (ta-bo). Mkazo usiuonyeshe pale unapoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu ulimi wa Mswahili utaupeleka huko wenyewe. Uonyeshe kwa herufi kubwa unapokwenda kwingine tu. Kwa habari yako, Osama hahitaji kitu, lakini Rabie andika (ra-BII), maana msomaji asiyejua Kiarabu atasoma "Ra-bi-e" kwa silabi tatu.

Binti Mkunga

Samahani, labda sijaelewa vizuri swali. Mimi ninasoma matangazo msikitini na kwenye shughuli za mtaa, na tatizo langu ni majina marefu ya ukoo. Je, mtu akitajwa mara ya pili nirudie jina lote? Na kwa wageni ninachukua jina la mwisho, si ndivyo?

Mhariri Mstaafu

Binti yangu, swali lako limeingia palepale hata kama shughuli yako ni nyingine. Mtaani kwako fuata vile wenyewe wanavyoitana. Katika habari, hatari iko kwenye hilo la "jina la mwisho". Abiy Ahmed wa Ethiopia ni Abiy mwana wa Ahmed, kwa hiyo mara ya pili tunasema "Waziri Mkuu Abiy". Ukisema "Ahmed amesema" umemtaja baba yake. Kwa Wachina jina la ukoo linatangulia: Xi Jinping anakuwa "Rais Xi", na matamshi ni (shi). Njia salama ni kutumia cheo peke yake mara ya pili, "Rais huyo" au "Waziri Mkuu huyo", ilimradi katika habari hiyo asiwepo mwingine mwenye cheo kama hicho.

Mtafsiri wa Tanga

Mzee wetu, shikamoo, na asante. Nimempa mwenzangu asome habari uliyoiandika, na imepita vizuri. Nimebaki na mawili. Habari ya kwanza kabisa ilisema meli ilikwama saa 05:40 kwa saa za kimataifa. Tuiseme vipi hewani? Na jina la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Guterres: wengine wanasema Guteres, wengine Guteresh.

Mhariri Mstaafu

Marahaba. Saa hiyo kwa Misri ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, na kwetu ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Tumia ya Misri, useme "saa za huko", au useme tu "asubuhi", kwa kuwa dakika hizo hazimsaidii msikilizaji. Kazi ya kuongeza saa kisha kuhamia hesabu yetu ya saa ifanyike mezani, kwenye karatasi. Msomaji asiachiwe kuifanya hewani.

Kuhusu Guterres, yeye ni Mreno, na kwa matamshi ya Lisbon s ya mwisho inasikika kama sh. Kanuni yangu ni kutafuta sauti ya mwenye jina akijitaja, au ya mtu wa lugha yake, na kulifuata jina hilo kadiri ulimi wetu unavyoweza. Ningeandika (gu-te-resh), nikaliingiza katika daftari la majina la kituo, wasomaji wote wakalifuata.

Kalamu Fupi

Hapo kwenye Guterres sikubaliani nawe, mzee wangu, kwa heshima zote. Mtu huyu yuko katika nafasi hiyo tangu Januari 2017, na wasikilizaji wetu wamezoea kusikia Guteres. Ukibadilisha leo, bibi wa kijijini atadhani amekuja mwingine. Jina jipya tulifuate lilivyo, ila lililokwisha kuzoeleka liachwe. Mbona tunasema Uholanzi na Ureno, na hakuna anayelalamika?

Sauti ya Bukavu

Nchi ni nchi, ndugu yangu, lakini mtu ana haki ya jina lake. Nasi Rais wetu tukimsikia anaitwa Tishisekedi mwaka mzima, hatutaki kuambiwa kwamba wenzetu wamezoea.