Nani aliwafundisha kuweka guard root kwenye laini za kupanda? Mnakata ghorofa nzima!

Mzee wa Raki

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira na siombi radhi. Kuna faili la konfigi linazunguka kwenye magrupu ya mafundi, na kila anayefunga swichi za Catalyst analibandika kama lilivyo. Kwenye swichi za ghorofani, kwenye poti ya akiba inayopanda kwenda chumba cha mitambo, limeandika hivi:

```
interface GigabitEthernet1/0/50
 spanning-tree guard root
```

Na kule juu, kwenye poti zinazoshuka ghorofani, limeweka `spanning-tree guard loop`. Kinyume kabisa! Anayelisambaza ukimuuliza anajibu, "Zote ni guard, si zinalinda tu?"

Chukueni jengo la kawaida. Chumba cha mitambo kina swichi mbili kuu, D1 na D2. D1 ndiyo mzizi, priority 4096. D2 ni ya akiba, 8192. Zimeungana kwa kebo mbili zilizofungwa pamoja kama Po1. Kila ghorofa ina swichi moja yenye faiba mbili: Gi1/0/49 inakwenda D1, Gi1/0/50 inakwenda D2. Siku ya kawaida poti ya 49 inapitisha data, ya 50 imezuiwa na inasubiri.

Sasa hiyo ya 50 ukiiwekea guard root, D2 inaendelea kuiletea BPDU zinazosema mzizi ni D1 na mimi niko karibu nao kuliko wewe. Hiyo ndiyo kazi yake halali. Lakini Root guard ikisikia BPDU bora kuliko ya swichi yake, inaifunga poti. Kwa hiyo poti ya akiba inafungwa tangu dakika ya kwanza, na hakuna anayegundua, kwa sababu hata bila Root guard ingekuwa imezuiwa. Watumiaji wanapeta, taa ya kijani inawaka, fundi analipwa anaondoka.

Miezi inapita, panya anakata faiba ya 49. Sasa poti ya 50 inatakiwa ichukue zamu. Haichukui ng'o! D2 bado inaleta BPDU bora, na Root guard haitaifungua poti mpaka BPDU hizo zikome. Ghorofa nzima iko gizani na faiba nzima ya akiba inaning'inia hapo hapo. Ukichungulia kabla ya balaa ungeona hivi:

```
Interface  Role Sts Cost  Prio.Nbr Type
Gi1/0/49   Root FWD 4     128.49   P2p
Gi1/0/50   Desg BKN*4     128.50   P2p *ROOT_Inc
```

Poti ya akiba yenye afya inasoma `Altn BLK`. Ukiona `BKN*` na `ROOT_Inc`, huna akiba, una pambo. Amri ya kuwakamata wote kwa mpigo ni `show spanning-tree inconsistentports`, na siku ya kawaida inatakiwa itoe sifuri.

Afadhali hata yule anayeiweka kwenye poti zote mbili, 49 na 50. Yeye anaumbuka papo hapo: ghorofa inakatika, naye kama aliingia kwa mbali itabidi apande ngazi na kebo ya konsoli mkononi.

---

Kijana wa Zamu

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila mimi naona Root guard yenyewe haina haja. D1 ukiipa priority 0, nani ataipiku? Hakuna namba ndogo kuliko 0. Kazi imeisha.

---

Mzee wa Raki

Marahaba kijana. Nusu umepatia. Priority 0 inazuia swichi iliyotoka dukani na 32768 yake. Haimzuii mtu anayechomeka swichi iliyotolewa ofisi nyingine, nayo ilikuwa mzizi huko kwa 0 ile ile. Zikilingana inaangaliwa MAC, na ndogo ndiyo inashinda. Wewe huchagui MAC ya D1, umeletewa nayo kwenye boksi.

Halafu tazama tofauti. Priority inasema nani anastahili. Root guard inasema ustahili usistahili, kupitia mlango huu hupiti. Ndiyo maana mahali pake ni kwenye poti zinazoshuka, upande wa D1 na D2:

```
interface range GigabitEthernet1/0/1-6
 spanning-tree guard root
```

Mtu akileta swichi yenye 0 huko ghorofa ya nne, zinafungwa poti za ghorofa ya nne tu, tena kwa VLAN zile inazogombea. Kwenye logi unakuta `%SPANTREE-2-ROOTGUARD_BLOCK` na jina la poti, kwa hiyo unajua uende mlango gani. Akiichomoa, poti inajifungua yenyewe. Kwa rapid-pvst ni sekunde kama 6, yaani hello tatu za sekunde mbili mbili. Kwa STP ya zamani ni max age ya sekunde 20, kisha poti ipite listening na learning.

---

Mama Swichi

Jamani mimi nina tatizo hilo hilo la Root guard. Mhasibu kaleta kiswichi chake cha poti tano, kachomeka mezani, poti ikazima kabisa na rangi ikawa ya chungwa. Nimechomoa kile kiswichi tangu jana na bado haijarudi. Mbona mnasema inajifungua?

---

Fundi Faiba

Dada, hiyo siyo Root guard. Andika `show interfaces status`, utakuta `err-disabled`. Hiyo ni BPDU guard, haingoji kuona BPDU ni bora au dhaifu, ikisikia yoyote inazima poti. Inakaa hivyo mpaka upige `shutdown` kisha `no shutdown`, au uwe umewasha `errdisable recovery`. Na kwenye poti za mezani hiyo ndiyo sahihi, iache.

Mzee, sasa hebu umalizie Loop guard, maana huko ndiko watu wanakolala zaidi.

---

Mzee wa Raki

Loop guard ni jirani yake anayeogopa kitu kingine. Root guard inastuka ikisikia sauti isiyotakiwa. Loop guard inastuka ikiacha kusikia sauti iliyozoea. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye poti zinazopokea BPDU: `Root` na `Altn`, yaani 49 na 50 za ghorofani, pamoja na Po1 upande wa D2.

Rudi kwenye ile Gi1/0/50. Imezuiwa kwa sababu moja tu: inasikia BPDU za D2. Sasa faiba ina nyuzi mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Uzi wa kupokea ukifa na poti ikabaki `up`, ghorofa haisikii tena D2. Baada ya sekunde 6 inasema, "Kumbe huku hakuna mtu," inajifanya `Desg`, inapita sekunde 15 na 15 nyingine, kisha inaanza kupitisha. Hapo pembetatu yote iko wazi: ghorofa kwenda D2, D2 kwenda D1, D1 kurudi ghorofani. ARP moja tu ya kutangazwa kwa wote inazunguka bila kuchoka. Kwenye logi utaona MACFLAP za kumwaga na CPU imepanda.

Loop guard ikiwepo, pale kwenye sekunde ya 6 poti inakwenda `LOOP_Inc` na kubaki imezuiwa. BPDU zikirudi inajifungua yenyewe. Hakuna haja ya kupanda ngazi.

Na wale walioiweka kwenye poti zinazoshuka za D1: hizo ni `Desg`, zinatuma, hazitegemei kusikia. Loop guard pale haina kazi yoyote. Kibaya ni kwamba poti moja inakubali guard moja tu. Umeweka ya bure, umeinyima Root guard nafasi yake.

---

Fundi Faiba

Niongezee mbili. Kwenye faiba ya 1G yenye autonegotiation, uzi mmoja ukikatika mara nyingi poti inaanguka pande zote, na lupu haitokei. Wanaoumia ni waliopiga `speed nonegotiate`, au waliopitisha laini kwenye konveta za faiba zisizopeleka habari ya kukatika upande wa pili. Kebo ya shaba kati ya konveta na swichi iko hai, kwa hiyo swichi haina habari.

Pili, Loop guard inahitaji iwe imeshasikia BPDU angalau mara moja tangu poti iwake. Umeme ukikatika, swichi ikawaka tena na uzi tayari umekufa, poti haikuwahi kusikia kitu. Inakwenda `Desg` moja kwa moja na Loop guard inatazama tu. Kwa hiyo wekeni na UDLD.

---

Kijana wa Zamu

Kama UDLD ipo, Loop guard ya nini tena? Na rapid-pvst si ina dispute?

---

Fundi Faiba

UDLD kwenye swichi nyingi inatuma kila sekunde 15, ikikosa kadhaa ndipo inaamua. Mzee kakuhesabia 36 mpaka lupu. Dispute inasaidia kama D2 bado inasikia BPDU za ghorofani na inazichakata. Lakini CPU ya D2 ikiganda huku chipu zake zinaendelea kupitisha data, D2 haichakati chochote, na dispute inakufa nayo. Loop guard iko ghorofani, haimtegemei mgonjwa.

---

Binti wa NOC

Naomba nipinge kitu kimoja. Mzee anasema Root guard D1 na D2. Po1 ikikatika yote je? D2 haisikii tena D1 moja kwa moja, inajiona mzizi. Ghorofa zinaanza kuipelekea BPDU za D1, ambazo ni bora. Root guard ya D2 inafunga poti zote sita, na D2 inabaki kisiwa. Mimi naiweka D1 peke yake.

---

Mzee wa Raki

Hesabu yako ni sahihi binti. Lakini bila Root guard pale D2, Po1 ikikatika, trafiki ya D1 na D2 inapita katikati ya swichi ya ghorofa moja, juu ya faiba ya 1G. Mimi naona afadhali D2 iwe kisiwa, ghorofa zote bado zina D1.

---

Binti wa NOC

Zina D1 ya kutokea. Majibu yanayorudi kutoka nje yakipitia D2 je? Kama D2 ina seva moja tu iliyochomekwa kwenye VLAN ile, `interface Vlan20` inabaki `up`, inaendelea kuutangaza mtandao ule, na pakiti zinaishia humo. Nusu ya watumiaji wanapata, nusu hawapati, na ping inakudanganya.

---

Mzee wa Raki

Basi seva isichomekwe D2 peke yake, na kebo mbili za Po1 zipite njia tofauti. Bado naiweka kote.

---

Binti wa NOC

Njia tofauti kwenye jengo lenye shimo moja la kebo? Haya, naendelea na D1 peke yake.

---

Mama Swichi

Nimepiga no shutdown, imerudi. Asanteni. Ila nimeandika ile amri ya inconsistentports huku kwangu, imeleta poti 4, zote za kupanda, zote Root Inconsistent. Nianzie wapi?

---

Fundi Faiba

Dada usiguse kwa mbali mpaka uwe na konsoli mkononi. Tuwekee kwanza `show spanning-tree root` ya kila swichi.